Ulilazwa Hospitalini, Mtihani Ukapita
Namna ya kumwandikia mwalimu wa chuo kikuu: kijitabu kwa wanafunzi wa Lubumbashi na wazazi wao

Tuchukue mfano. Binti wa mwaka wa pili wa sheria, anayeishi Katuba na kusoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ana mtihani Jumatano tarehe 9 Julai, saa mbili asubuhi. Jumanne usiku tumbo linamkaza upande wa kulia, anatapika, na kabla ya usiku wa manane kaka yake anampakia kwenye teksi. Hospitalini wanasema ni kidole tumbo, anapasuliwa alfajiri. Saa ambayo wenzake wanagawiwa maswali, yeye bado hajaamka kutoka kwenye usingizi wa dawa. Anaruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi tarehe 12.

Sasa amekaa na simu mkononi, anataka kumwandikia profesa. Wengi wakifika hapa huandika habari ya maumivu: jinsi walivyolia, jinsi mama alivyokesha, jinsi Mungu alivyowaokoa. Profesa akisoma atawahurumia, kisha atafunga ujumbe bila kujua afanye nini. Kuna jambo moja ambalo mwandishi wa barua-pepe hii lazima alifahamu kabla ya kugusa herufi ya kwanza: profesa peke yake hana uwezo wa kumaliza shauri hili.

Anayesoma na anayeamua

Alama za mwalimu hupelekwa kwenye jopo la mitihani, lile tunaloliita jiri, lenye rais wake na katibu wake. Jiri ndilo hukaa kujadili nani amepita na nani amebaki. Kwa hiyo barua-pepe yako inasomwa na mtu mmoja, lakini safari yake inaishia kwa watu wengine ambao hawakujui. Mpe profesa kitu anachoweza kukipeleka kwa katibu wa jiri bila kukutafuta tena akuulize tarehe.

Jua pia unachokiomba. Tangu mfumo wa LMD uenezwe nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, muhula una sesyo ya kawaida na baada yake ratrapaji, yaani nafasi ya kurudia kwa walioanguka. Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa ugonjwa mara nyingi huambiwa, “Ngoja ratrapaji.” Jibu hilo si la ukatili, lakini lina gharama: wenzako watakuwa wanatumia nafasi yao ya pili, wewe utakuwa unatumia ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Ndiyo maana ombi lenye nguvu lina ngazi mbili. Kwanza unaomba kufanya mtihani kabla jiri halijakaa. Hilo likishindikana, unaomba uandikwe kuwa hukuwapo kwa sababu iliyothibitishwa, usihesabiwe kuwa umetoroka. Kila fakulte ina utaratibu wake wa ndani na muda wake wa kupokea maombi kama haya. Ofisi ya apariteri ndiyo itakayokuambia, na mtu wa nyumbani anaweza kwenda kuuliza wakati wewe ungali kitandani.

Ujumbe wa kwanza hausubiri karatasi

Yule binti wa Katuba hatakiwi kungoja Jumamosi. Jumatano hiyohiyo jioni, au Alhamisi akipata nguvu, anamtamkia kaka yake mistari mitatu, naye anaituma kutoka kwenye anwani ya dada yake: nimelazwa tangu Jumanne usiku, sikuweza kufika kwenye mtihani wa Jumatano, karatasi za hospitali nitazituma nikitoka. Basi. Kazi ya ujumbe huu ni tarehe yake tu. Mtu aliyetoa taarifa siku ya mtihani haulizwi maswali yale anayoulizwa aliyejitokeza wiki mbili baadaye, alama zikiwa zimekwisha kutangazwa. Pia mwambie kiongozi wa promosyo yenu, maana ndiye atakayeulizwa ukumbini kwa nini kiti chako kitupu.

Karatasi, na shida ya karatasi

Karatasi inayobeba mzigo mkubwa ni cheti cha daktari kinachosema ulilazwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, chenye jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya mwanafunzi, jina na sahihi ya daktari, na muhuri wa hospitali. Ya pili ni biye ya kutoka, ile unayopewa ukiruhusiwa. Risiti za malipo na karatasi ya dawa husaidia kwa kuwa nazo zina tarehe. Ongeza uthibitisho kwamba ulikuwa umeandikishwa kufanya mtihani huo, maana aliyekuwa hajalipa wala kujiandikisha hana mtihani alioukosa.

Kabla ya kuondoka hospitalini, soma tarehe moja baada ya nyingine. Yule binti aliingia usiku wa tarehe 8. Mpokeaji wa wagonjwa akiandika 9 kwa sababu saa sita imepita, na daktari akaandika 8, katibu wa jiri ataona karatasi mbili zinazogombana. Kosa kama hili husahihishwa kwa dakika tano ukiwa bado wodini, na kwa wiki nzima ukiwa umekwisha rudi nyumbani. Jina nalo liangaliwe: sisi wenye majina matatu tunajua jinsi moja linavyopotea njiani.

Kuna tatizo ambalo vitabu vya nje havilitaji. Katika hospitali nyingi za nchi yetu, biye ya kutoka haitolewi mpaka deni liishe, na wako wagonjwa waliopona wanaobaki humo siku kadhaa wakingoja familia ichange. Likikukuta hilo, usiingoje biye. Mwombe daktari anayekutibu, au muuguzi mkuu wa wodi, akuandikie karatasi fupi kwamba umelazwa tangu tarehe fulani na bado upo. Hiyo itume, na useme wazi kwamba ya kutoka itafuata. Huna haja ya kueleza mambo ya deni.

Wala huna haja ya kutaja ugonjwa. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamfunga daktari kutunza siri ya mgonjwa wake. Cheti kinaweza kusema tu kwamba ulilazwa na hukuweza kufanya shughuli za masomo, na hicho kinatosha kwa kazi yake. Binti wetu hakuona aibu kusema alipasuliwa, ni sawa; mwingine ataona, na ni haki yake.

Upande wa pili wa haki hiyo ni huu: cheti cha kununua kwa rafiki wa rafiki ni kughushi maandishi, na kifungu cha 124 cha kanuni hiyohiyo kinakiwekea kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5. Simu moja kwa hospitali inatosha kukufichua.

Kuhusu picha: laza karatasi mezani karibu na dirisha, mchana, piga picha kutoka juu ili pembe zote nne na muhuri vionekane. Ukiweza, pita kwenye duka la burotiki wakugeuzie kurasa zote kuwa faili moja ya PDF. Ipe faili jina lako na neno “hospitali”. Faili iitwayo IMG_0457 hupotea kati ya mia.

Barua-pepe yenyewe

Chuoni kwetu itaandikwa kwa Kifaransa, lugha ya masomo. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili ili mzazi au kaka anayesaidia aelewe kila sentensi inafanya kazi gani.

Mada: Ombi la kufanya mtihani wa tarehe 9 Julai – kulazwa hospitalini – L2 Sheria – [majina, matrikili]

Mheshimiwa Profesa,

Mimi ni [majina kamili], mwanafunzi wa L2 Sheria, matrikili [namba]. Nakuandikia kufuatia ujumbe wangu mfupi wa Jumatano tarehe 9 Julai.

Sikuweza kufanya mtihani wa somo lako uliofanyika siku hiyo saa 08:00. Nililazwa ghafla usiku wa tarehe 8 Julai, nikapasuliwa alfajiri ya tarehe 9, na kuruhusiwa kutoka tarehe 12.

Naambatisha cheti cha daktari, biye ya kutoka, na uthibitisho wa kuandikishwa kwangu kwenye sesyo hii. Karatasi halisi ninazo, na nitaziwasilisha zikihitajika.

Kwa heshima, naomba uniruhusu kufanya mtihani huu kabla ya jiri kukaa, siku na mahali utakapopanga. Daktari ameniambia ninaweza kuketi darasani kuanzia tarehe 21 Julai. Ikiwa haiwezekani, naomba kutokuwapo kwangu kuandikwe kuwa kumethibitishwa, na unielekeze utaratibu wa kufuata. Nakala ya ujumbe huu naituma kwa katibu wa jiri.

Pokea, Mheshimiwa Profesa, heshima zangu.
[majina, promosyo, namba ya simu]

Tazama tarehe 21. Wengi husema “wakati wowote,” halafu wanaitwa kesho yake wakiwa na mshono mbichi. Muulize daktari, uandike anachosema. Tazama pia kwamba hakuna lawama, hakuna mama aliyekesha, wala sentensi ile tunayoizoea, “nitapita kukuona ofisini.” Wewe una maana ya kwenda kusalimu, mwingine akiisoma atafikiri umebeba bahasha, na mwalimu mwadilifu atajitenga nawe. Cheo nacho kiwe sahihi: anayefundisha somo akiwa CT au asistanti, mwite hivyo. Angalia jalada la silabasi, na mara nyingi anwani yake ya barua-pepe utaikuta hapohapo.

Baada ya kutuma

Baadhi ya maprofesa hufundisha katika vyuo vya miji zaidi ya mmoja, na wako wasiofungua barua-pepe kwa siku nyingi. Siku tatu za kazi zikipita kimya, jibu kwenye ujumbe uleule, usianzishe mwingine, na mpigie asistanti wa somo. Lakini hata kabla ya hapo, chapisha barua-pepe na viambatisho vyake mara mbili, mtume mtu hadi ofisi ya fakulte. Nakala moja inabaki kwao. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, na irudi nyumbani. Simu huibiwa, anwani husahaulika neno lake la siri, lakini nakala yenye muhuri ndiyo jiri hukubali kujadili.

Ukiruhusiwa kufanya mtihani, omba ruhusa hiyo kwa maandishi, hata mstari mmoja, na siku ya mtihani uje nayo pamoja na kadi ya mwanafunzi. Karatasi halisi za hospitali usimwachie mtu yeyote. Onyesha, acha nakala, rudi nazo.