Chipu Haina Kosa, Fuata Njia ya Eathi

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, fani ya elektroniki. Mradi wangu ni intakomu ya vyumba viwili. Nimeunda amplifaya ya LM386 kwenye bredibodi, natumia betri ya volti 9 na spika ya omu 8. Nilipoijaribu kwa muziki wa simu ilicheza vizuri. Maiki inataka nguvu zaidi, kwa hiyo nikaweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8. Hapo ndipo spika ilipoanza kupiga mluzi. Nikichomoa maiki inapiga, nikifunga voliyumu yote bado inapiga, na chipu inapata moto. Nimeshabadilisha chipu tatu. Mwenzangu anasema zote ni feki. Wiki ijayo nawasilisha na hela ya chipu nyingine sina. Picha nimeambatisha.*

*Aliyekwama, Mbeya*

Hela yako iache mfukoni, mwanangu. Chipu feki zipo madukani, hilo mwenzako hajakosea, lakini chipu mbovu haichezi muziki vizuri kisha ikaharibika kwa sababu tu umeiongezea kapasita moja. Chipu zako zinafanya kazi. Zinachokuza ndicho kibaya, na kwenye picha yako kinaonekana.

Tuanze na yale uliyojaribu mwenyewe, maana umeshafanya nusu ya uchunguzi bila kujua. Watu wengi wakisikia mluzi wanafikiria maiki iliyoelekezwa kwenye spika, kama inavyotokea kanisani au kwenye mkutano. Wewe umechomoa maiki na mluzi umebaki, kwa hiyo sauti hairudi kupitia hewani. Kisha umefunga voliyumu. Voliyumu ikifungwa kabisa, mguu wa 3, ambao ndio mlango wa kuingilia, unakuwa umeunganishwa moja kwa moja na eathi. Hakuna kitu kinachoweza kuingia pale isipokuwa kile kilichomo kwenye eathi yenyewe. Kama mluzi haujakoma, basi eathi yako inabeba sauti, au umeme wa betri unaibeba. Ingekuwa unakoma ukifunga na kuanza ukifungua katikati, ningekwambia utafute waya wa mguu wa 3 uliolala sambamba na waya wa spika.

Sasa tazama picha yako. Betri imeingia upande wa kushoto. Chipu iko karibu nayo, na mguu wa 2 na wa 4 imeshuka kwenye mstari wa bluu hapo hapo. Spika na voliyumu umeziweka mwisho wa kulia, na waya zake nyeusi zote mbili zimechomekwa kwenye mstari huo huo wa bluu, tundu kwa tundu. Katikati mstari umekatika, kama zilivyo bredibodi nyingi ndefu, nawe umeuunga kwa kawaya kekundu. Kwa macho, mstari wote ni eathi moja. Kwa mkondo wa spika, ni rezista.

Ni rezista ndogo sana, ndiyo, lakini tuipigie hesabu. Kila tundu la bredibodi lina kibano cha chuma kinachogusa waya kwa ncha tu, na zile waya za rangi za bei nafuu nazo zina ukinzani wake. Tuseme kutoka tundu la spika hadi mguu wa 4 jumla ni omu 0.05, makadirio ya kawaida tu. Chipu ikitoa volti 1 kwenye spika ya omu 8, mkondo ni miliampia 125. Mkondo huo ukipita kwenye omu 0.05 unaacha milivolti 6.25. Maana yake ule mwisho wa kulia wa mstari wa bluu haupo tena sawa na mguu wa 4. Umepanda kwa milivolti 6.25, na voliyumu yako, ambayo mguu wake wa chini umekaa pale pale, imepanda nao. Chipu inapima tofauti kati ya mguu wa 3 na wa 2. Mguu wa 2 uko kushoto, haujasogea. Kwa hiyo chipu inaona ishara ya milivolti 6.25 imeingia, na inaikuza.

Bila ile kapasita ya mguu wa 1 na wa 8, LM386 inakuza mara 20. Milivolti 6.25 mara 20 ni kama volti 0.125. Volti 1 imezaa volti 0.125, nayo itazaa ndogo zaidi, na jambo linakufa lenyewe. Ndiyo maana muziki wa simu ulicheza vizuri. Ukiweka kapasita, inakuza mara 200. Milivolti 6.25 mara 200 ni volti 1.25. Volti 1 imezaa volti 1.25, hiyo nayo itazaa kubwa kuliko yenyewe, na itaendelea kukua mpaka betri ishindwe kutoa zaidi. Hapo chipu inatetema yenyewe bila kuhitaji maiki wala simu, spika inapiga mluzi, na nguvu ya betri inageuka joto. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kapasita imelifanya lisikike tu.

Najua utaniuliza: mbona nilipima njia ya eathi kwa mita na ikalia? Italia, mwanangu. Waya za mita yenyewe zina ukinzani kuzidi huo tunaoutafuta, na ule mlio hutoka hata njia ikiwa na omu kadhaa. Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha omu 0.05 kwa njia hiyo.

Dawa yake haina gharama. Chagua safu moja tupu ya matundu matano karibu kabisa na chipu, iwe ndiyo makutano ya mikondo mikubwa. Hapo chomeka waya mweusi wa betri, waya mweusi wa spika ukiwa peke yake bila kupitia mstari wa bluu, na kiungo kifupi cha kwenda mguu wa 4. Halafu kwenye safu ya mguu wa 4 wenyewe chomeka mguu wa 2 na mguu wa chini wa voliyumu, na waya mweusi wa maiki ukitokea kwenye voliyumu hiyo hiyo. Kwa mpangilio huu mkondo wa spika unarudi betri bila kupita mahali ambapo mlango wa kuingilia unapimia. Voliyumu yenyewe ihamishe upande wa kushoto, spika ibaki kulia, ili waya zao zisikutane. Fanya hilo peke yake kwanza, usibadilishe kitu kingine, kisha washa. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mluzi ukakoma, hutajua ni kipi kilichoukomesha, na ukihamishia kwenye ubao wa kuchomelea utairudisha shida ile ile.

Mluzi ukikoma, usifurahi bado. Betri ya volti 9 ina ukinzani wa ndani, omu moja mbili ikiwa mpya na zaidi ikichakaa, na spika ikivuta miliampia 125 volti ya chipu inashuka na kupanda kwa kufuata sauti. Dalili ya shida hii ni tofauti na mluzi: ni ngurumo ya taratibu, tuk-tuk-tuk, ambayo hubadilika mwendo kadiri betri inavyoisha. Sijaona kwenye picha kapasita yoyote kwenye njia ya betri. Weka ya mikrofaradi 470 kutoka mguu wa 6 hadi kwenye ile safu ya makutano, na nyingine ya mikrofaradi 10 kutoka mguu wa 7 hadi eathi, hasi yake ikielekea eathi. Mguu wa 7 umewekwa kwa kazi hiyo: kuzuia mawimbi ya betri yasifike sehemu ya mwanzo ya chipu.

Kando ya ile ya 470 weka na ndogo ya seramiki yenye namba 104, miguu yake ukiikata mifupi, itoke mguu wa 6 moja kwa moja hadi wa 4. Wanafunzi huiona ni ya ziada kwa sababu ile kubwa ni kubwa. Lakini waya wa sentimita 15 kutoka betri, kwa mtetemo wa mara milioni moja kwa sekunde, unazuia mkondo kama rezista ya karibu omu 1, na kapasita kubwa yenye miguu mirefu nayo ina udhaifu huo huo. Ndogo iliyokaa karibu ndiyo inayofanya kazi kule juu.

Na kule juu ndiko kwenye mtetemo usiosikika, ambao nauogopa kuliko mluzi. LM386 inaweza kutetema kwa kasi ambayo sikio halipati kitu. Spika inakaa kimya, sauti inakwaruza kidogo ukiongea, na chipu ni ya moto. Koili ya spika ndiyo chanzo kimoja, kwa kuwa kwa kasi hizo inazidi kuzuia na chipu inajikuta kama haina mzigo. Karatasi ya mtengenezaji inaonyesha dawa: rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.05 zikiwa zimefuatana, kutoka mguu wa 5 hadi eathi. Dukani utapata ya namba 473, inatosha. Ziweke karibu na mguu wa 5, si kule kwenye spika.

Kama huwezi kupata osiloskopu kabla ya wiki ijayo, mita yako inatosha kukujulisha. Funga voliyumu, kata waya mwekundu wa betri, weka mita katikati ukipima miliampia. Chipu iliyotulia hunywa kama miliampia 4, ikizidi sana ni 8. Ukisoma 30 au 60 na spika iko kimya, inatetema. Kisha pima volti kati ya mguu wa 5 na eathi: inatakiwa iwe nusu ya betri, yaani kama betri inasoma 8.6 utegemee karibu 4.3. Gusa na mgongo wa chipu. Ikiwa baridi, mkondo ni mdogo na nusu iko sawa, hapo umemaliza upande wa umeme.

Jambo la mwisho linahusu ukuzaji. Jaribu kama mara 200 unaihitaji kweli. Rezista ya omu 1,200 ikifuatana na ile kapasita yako ya mikrofaradi 10, kati ya mguu wa 1 na wa 8, inakupa mara 50, na kwa mtu anayeongea karibu na maiki huenda ikakutosha. Ukirudi kwenye hesabu yetu, milivolti 6.25 mara 50 ni kama volti 0.31, hata eathi yako ya zamani isingepiga mluzi. Isipotosha, bakia na 200, ila maiki na spika za chumba kimoja zitenganishe au weka swichi ya kubonyeza ili zisiwe hewani kwa pamoja, maana ule mluzi wa kanisani utakapokuja, kapasita hazitakusaidia. Niandikie namba ya miliampia utakayosoma kabla na baada ya kuhamisha waya wa spika.