Koti, Glavu, Mabuti na Vikinga vya Pikipiki: Namna ya Kuchagua kwa Barabara za Baridi na Joto

Mnunuzi wa koti la pikipiki katika mji wa Mbeya au Iringa kwa kawaida hufikiria baridi kwanza. Ana sababu: katika asubuhi za Juni na Julai, Mbeya hupata baridi iliyo chini ya nyuzi 10, na upepo wa pikipiki huiongeza. Kwa hiyo hutafuta koti nene, mara nyingi la mtumba, lililojazwa pamba au sponji. Koti hilo humfaa mpaka barabara inapoanza kuteremka.

Barabara nyingi za nyanda hizi huteremka sana. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro hupita Ilula, hushuka mlima Kitonga na kutokea Ruaha Mbuyuni, mahali penye joto kali. Anayetoka Mbeya kwenda Kyela huanza katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 penye ukungu wa Isyonje, kisha hushuka kupitia Tukuyu mpaka karibu na Ziwa Nyasa, ambako mwinuko ni mita 500 hivi. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anaposhuka mita 1,000. Jua la mchana likiongezwa juu yake, aliyetetemeka saa kumi na mbili asubuhi huwa anatokwa na jasho jingi saa sita.

Hapo ndipo hasara ya koti nene huonekana. Mwendeshaji hulivua na kulifunga nyuma ya kiti, na sehemu iliyobaki ya safari huimaliza kwa fulana. Koti lililofungwa kwenye kiti halimlindi mtu. Akilazimika kulivaa, joto humletea kichwa kuuma, kizunguzungu na uzito wa kuamua, mambo ambayo yenyewe huweza kusababisha ajali.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi atenganishe kazi mbili ambazo koti nene hudai kuzifanya pamoja. Kinga ya ajali inunuliwe katika vazi linalopitisha hewa, ambalo halitavuliwa njiani. Kinga ya baridi na mvua itoke katika nguo nyepesi za ziada, zinazovaliwa na kuvuliwa kadiri hali inavyobadilika.

Koti

Mtu anapoanguka, lami humdhuru kwa njia mbili. Kwanza humpiga, kisha humkwaruza anapoteleza. Kitambaa cha koti ndicho kinachokabili mkwaruzo. Unene wa pamba ya ndani hausaidii. Nailoni nyembamba ya makoti ya baridi huchanika na hata kuyeyuka kwa joto la msuguano. Ngozi ya makoti ya mapambo nayo huwa nyembamba, wakati ngozi ya makoti ya pikipiki huwa na unene wa milimita 1.1 hadi 1.3 hivi.

Kwa barabara zenye joto, koti linalofaa ni la kitambaa kigumu chenye sehemu za wavu. Mnunuzi aliinue koti kwenye mwanga. Wavu uwe kifuani, mgongoni na upande wa ndani wa mikono. Mabegani, viwikoni na upande wa nje wa mikono, sehemu zinazogusa lami kwanza, kitambaa kiwe kimefumwa kwa kubana na mwanga usipenye. Koti lililo wavu mwili mzima, mpaka viwikoni, lina upepo mzuri lakini kinga yake ni ndogo. Ni lazima pia hewa iwe na mahali pa kutokea: koti lenye matundu kifuani pekee hufura kama puto na halipoozi mwili.

Kisha atazame mishono. Mshono mkuu wa bega na mkono uwe na safu mbili za uzi au zaidi, na walau safu moja iwe imefichwa ndani ya kukunjo la kitambaa. Uzi ulio wazi ndio unaolika kwanza, na mshono ukifunguka, kitambaa kigumu hakina faida tena.

Makoti mengi yanayoingizwa nchini hubeba alama za viwango vya Ulaya. Lebo ya ndani ikiwa na EN 17092, herufi zinazofuata hueleza daraja la vazi. AAA ni kinga ya juu kabisa, lakini mavazi yake huwa mazito na yenye joto. AA ni ya kati. A ni nyepesi zaidi, na makoti mengi ya wavu yako hapo. Daraja B hustahimili mkwaruzo lakini halina vikinga vya pigo. Daraja C ni vazi la kushikilia vikinga tu, la kuvaliwa pamoja na vazi jingine. Kwa safari ya Mbeya na Kyela, koti la AA lenye wavu ni bora likipatikana. La A linalovaliwa muda wote ni afadhali kuliko la AAA linalofungwa kwenye kiti.

Vikinga

Vikinga ni vipande vinavyowekwa mabegani, viwikoni, magotini na mgongoni ili kupunguza nguvu ya pigo. Hapa ndipo mnunuzi hudanganywa kwa urahisi zaidi, kwa sababu kikinga hufichwa ndani ya mfuko wa koti. Akitoe na akitazame. Kikinga cha kweli huwa na maandishi yaliyochapwa juu yake chenyewe: picha ndogo ya mwendesha pikipiki, namba EN 1621-1 kwa viungo au EN 1621-2 kwa mgongo, na tarakimu 1 au 2 inayoonyesha ngazi. Kikitoka kipande cheupe kisicho na maandishi, kinachobonyea chote kati ya vidole viwili, hiyo ni sponji ya kujaza nafasi. Mfuko wa mgongoni ndio unaostahili kuangaliwa zaidi, kwani hata makoti yenye vikinga halisi mabegani mara nyingi huuzwa na sponji tupu mgongoni.

Ngazi hupatikana kwa kuangusha uzito wa kilo 5 kutoka kimo cha mita moja hivi juu ya kikinga, na kupima nguvu inayopenya. Kwa vikinga vya viungo, ngazi ya 1 huruhusu wastani wa kilonyutoni 35, na ngazi ya 2 kilonyutoni 20. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo haina gharama kubwa ya joto mabegani na viwikoni, kwa kuwa vipande ni vidogo. Mgongo ndio unaotoa jasho jingi. Hapo achague kikinga chenye matundu.

Kuna alama moja ndogo yenye maana kubwa kwa wanaokwenda Kyela au Ruaha Mbuyuni. Vikinga vingi laini hulegea zaidi katika joto. Vilivyopimwa pia kwenye nyuzi 40 na kufaulu huandikwa T+. Vilivyopimwa katika baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huandikwa T-, nayo haina umuhimu huo kwetu.

Kikinga lazima kikae mahali pake. Mnunuzi avae koti, anyooshe mikono kana kwamba ameshika usukani, kisha mwenzake ashike kiwiko cha koti na kujaribu kukizungusha. Kikizunguka mpaka upande wa kiungo, koti ni kubwa mno au mikanda yake haibani. Asinunue koti kubwa ili sweta ipate nafasi chini yake.

Glavu

Anayeanguka hutanguliza viganja. Glavu za sufi hupunguza baridi kidogo, lakini huteleza kwenye breki na huchanika mara moja. Glavu inayofaa mahali pa joto ina kiganja cha ngozi, kwa mfano ya mbuzi, ambayo ni nyembamba na imara. Mgongo wa glavu uwe wa wavu au ngozi yenye matundu, na kishina cha kiganja kiwe na kipande kigumu cha ziada. Kiwango chake ni EN 13594, na herufi KP huonyesha kwamba kinga ya vifundo vya vidole imepimwa. Kipimo cha dukani ni rahisi: mnunuzi afunge mkanda wa kifundo cha mkono, kisha mwenzake avute ncha za vidole. Glavu ikivuka, itavuka pia kwenye lami.

Mabuti

Kandambili na yeboyebo huacha mguu wazi kabisa. Mabuti ya mpira huzuia mvua ya Tukuyu, lakini hupika mguu huko chini na hupinda kirahisi yakibanwa na pikipiki. Buti lililotengenezwa kwa waendesha pikipiki huwa na EN 13634. Lisipopatikana, buti la kazi la ngozi linaweza kusaidia likitimiza masharti matatu: lifunike vifundo vyote viwili, lisipindike likishikwa kisigino na ncha na kukunjwa kama kitambaa kinachokamuliwa, na kamba zake ziweze kufichwa zisinase kwenye pedali. Buti la kazi kwa kawaida halina kikinga cha pembeni mwa kifundo.

Safari moja, hatua kwa hatua

Tuseme mwendeshaji anaondoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, mwezi Julai, kwenda Kyela. Ndani amevaa jezi ya mpira ya mikono mirefu, si fulana ya pamba, kwa maana pamba hushika jasho na jezi hukauka upesi. Juu yake ni sweta nyembamba, kisha koti la wavu lenye vikinga, na juu ya yote koti la mvua, ambalo huzuia upepo hata pasipo mvua. Juu kabisa amevaa kizibao cha kuakisi mwanga, aonekane katika ukungu wa Isyonje.

Akifika Tukuyu anavua sweta. Mvua ikiwa haipo, anavua na koti la mvua, akabaki na jezi, koti la wavu na kizibao. Kuanzia hapo anashuka kwenye joto bila kupoteza kikinga hata kimoja. Akisimama kituoni Kyela kusubiri mzigo, afungue zipu au avue koti, kwa sababu wavu hupooza mwili pale tu hewa inapopita. Jioni, kabla ya kupanda tena, avae jezi kavu: nguo yenye jasho huleta baridi kali Isyonje.

Mavazi haya hupunguza michubuko na mapigo ya kuanguka. Hayamwokoi aliyegongwa na lori, wala kikinga cha mgongo hakizuii uti kujipinda. Na kwa kuwa hukumu nyingi hutegemea maandishi ya ndani, mnunuzi atoe vikinga na kusoma lebo kabla ya kulipa, adai risiti inayotaja aina ya bidhaa, na aihifadhi. Akishuku kuwa alama ni ya kughushi, apeleke bidhaa na risiti hiyo kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania.