Salio limekatwa: namna ya kuandika barua pepe ya malalamiko inayojibika

Wengi wetu tukikatwa salio tunaandika hivi: "Mnatuibia hela, rudisheni salio langu." Jibu linakuja la kunakili: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu, tafadhali zima simu na uiwashe." Mhudumu hana cha kutafuta kwenye mfumo, maana hajapewa namba, siku, saa wala kiasi.

Kabla ya kuandika, jua kwanza ni nini kinakata. Kuna wezi watatu na kila mmoja ana alama yake. Intaneti nje ya bando hukata viasi visivyolingana, leo 37, kesho 212. Salio la mkopo hukatwa pale tu unapoongeza vocha, hadi deni liishe. Huduma za ziada, zile meseji za mpira, mapenzi, dini au miito ya simu, hukata kiasi kilekile kila siku au kila wiki, mara nyingi saa zinazokaribiana. Zina tabia nyingine mbaya: zikikuta salio sifuri hazikati tamaa, zinarudi kujaribu. Ndiyo maana vocha ikiingia tu, sehemu yake inayeyuka.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa mama mdogo, anauza mchele Galula. Simu yake ni kitochi kisicho na intaneti, kwa hiyo mwizi wa kwanza alitoka moja kwa moja. Hakuwahi kukopa salio, wa pili akatoka. Kila nikipiga analalamika: "Mwanangu, vocha yangu inaliwa na nani?" Likizo nilipofika tukafanya jaribio. Jumapili jioni akaweka vocha ya 1,000, laini ile hakupigia wala kutumia meseji, tukawa tunaangalia salio alfajiri na saa nne asubuhi. Kila siku likapungua shilingi 100, na kila siku ikaingia meseji ya habari za soka kutoka namba fupi ya tarakimu tano. Mama mdogo na soka wapi na wapi! Meseji zile hatukuzifuta, ndizo ushahidi.

Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia kutuma neno la kujiondoa. Jiondoe, sawa, lakini nakili kwanza namba fupi na saa ya meseji. Kujiondoa kunazuia makato ya kesho, hakurudishi ya jana.

Barua tuliyoituma kwa kampuni ya simu ilikuwa hivi (namba nimeziondoa):

"Yah: Makato ya huduma ya ziada ambayo sikuiomba, laini namba ...

Mimi ni mmiliki wa laini tajwa, niliyoisajili kwa alama za vidole Machi 2024. Barua hii ameniandikia mwanangu kwa idhini yangu. Mnaweza kunipigia kwenye laini hiyo kuthibitisha.

Jumatatu saa 06:00 salio lilikuwa 1,000, saa 10:00 lilikuwa 900. Jumanne 06:00 lilikuwa 900, 10:00 likawa 800. Jumatano 06:00 lilikuwa 800, 10:00 likawa 700. Laini haikutumika siku hizo. Kila siku baada ya saa 09:00 iliingia meseji kutoka namba fupi ...

Naomba: mnijulishe tarehe, saa na njia iliyotumika kuniunganisha, mnirudishie makato yote tangu laini iwe yangu, mniondoe, na mnipe namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili."

Ona saa zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye simu. Ukiandika "saa tatu", mwenye mfumo anaweza kutafuta 03:00 na kukosa kitu. Namba ya siri wala ya NIDA hatukuweka, haihitajiki kwenye barua.

Lakini ombi zito ni lile la tarehe ya kuunganishwa. Jibu la kwanza lilisema "mteja alijiunga mwenyewe" na kututuma kwa mtoa maudhui. Tukajibu kwa sentensi mbili: aliyekata salio ni nyinyi, na tarehe tuliyoomba hamjaitaja. Jibu la pili likaitaja: Novemba 2022. Yaani namba ile ilikuwa ya mtu mwingine, ikaachwa, ikauzwa tena, na usajili wa mwenye zamani ukabaki umening'inia. Hapo hawakuwa na la kubishana.

Walimwondoa siku ileile. Hela walirudisha ya miezi mitatu tu, kama salio la kupigia, wakidai kumbukumbu za nyuma hawanazo. Sikuridhika. Hatua inayofuata ni TCRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, sheria hiyohiyo iliyoanzisha baraza la ushauri la watumiaji. TCRA hutaka uwe umeanza na kampuni yenyewe, hivyo ile namba ya kumbukumbu na majibu yote mawili ndiyo tutakayoambatanisha. Mama mdogo amesema tuendelee, ila baada ya mavuno.