Sukari mdomoni, na bado anakana

Swali: Mwanangu wa miaka 4 hulamba sukari kila siku, kisha anakana. Nimchape?

Jibu: Hapana, mama. Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walilinganisha shule mbili za Afrika Magharibi mwaka 2011: watoto wa shule yenye viboko walidanganya zaidi, tena kwa ustadi.

Wa miaka 4 ndiyo kwanza agundue kwamba hujui yote anayoyajua yeye. Lakini chembe za sukari mdomoni hakumbuki kuzifuta. Wa miaka 8 angejifuta kwanza.

Usimuulize “Nani kala?” wakati jibu unalo, huo ni mtego. Mwambie kwa sauti ya kawaida: “Naona umekula sukari. Lete kitambaa tufute meza.” Akikiri, mshukuru, lakini meza aifute. Na kopo lipandishe juu.