Bei ya maharage isipotee na simu

Vijana wa Karagwe na Kyerwa, meseji za WhatsApp ulizokwisha kupokea zinasomeka hata bila bando. Shida inakuja simu ikiharibika. Tuseme umeuza maharage na mnunuzi kataja bei kwa sauti. Kwanza mwandikie: “Tumekubaliana kilo 600, sh 2,000 kwa kilo, Jumamosi.” Subiri ajibu “sawa”. Kisha ndani ya mazungumzo yake gusa vidoti vitatu, More, Export chat, Without media. Chagua Bluetooth, tuma kwenye simu ya nyumbani, haili bando. Faili likifika, lifungue ulikague. Palipokuwa na sauti utakuta `<Media omitted>` tu, ndiyo maana bei iandikwe. Faili hilo ni la kusoma. Halirudi tena ndani ya WhatsApp.