Jina la GitHub linaloandikika kwa kusikia

Wanachuo wa kompyuta hapa Chumbageni wengi hufungua akaunti ya GitHub usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mradi. Mwalimu kasema kazi ipelekwe huko, saa zimebaki chache, na ukurasa unadai jina. Unaandika lako, unaambiwa limeshachukuliwa. Unatia 255 mwishoni, limekubali, unaendelea na kazi. Miezi kumi na minane baadaye jina lile lile linakaa juu kabisa ya wasifu unaoupeleka kuombea fildi, na afisa ajira anakupigia: "Hiyo akaunti yako inaandikwaje?"

Hapo ndipo ilipo kazi ya jina la akaunti. Kwenye wasifu uliotumwa kwa barua pepe mtu anabonyeza linki tu, hata ukijiita herufi thelathini hatajali. Taabu inakuja pale ambapo hakuna cha kubonyeza: wasifu umechapishwa stesheneri na uko mezani kwa karatasi, au unahojiwa kwa simu, au mwenzako kwenye kundi la mradi anataka kukuongeza kwenye ghala lake la msimbo na anakuuliza huku anachapa. Hili la mwisho ndilo la hatari zaidi. Ghala la siri lililo chini ya akaunti ya mtu binafsi halina ngazi nyingi za ruhusa: mwenye ghala ni mmoja, na kila anayeongezwa anaweza kusoma na kuandika. Akikosea herufi moja, mwaliko unakwenda kwa mtu asiyejulikana, na huyo akiukubali ana mkono ndani ya kazi yenu. Mwaliko usiokubaliwa hufa baada ya siku 7, ila siku 7 ni nyingi.

Kwanza sheria za GitHub yenyewe, maana ni chache. Jina ni herufi za kawaida, tarakimu na kistari, lisizidi herufi 39. Kistari hakianzi jina, hakimalizi jina, wala hakifuatani viwili. Nukta haikubaliki, na kistari cha chini, kile tunachokitumia sana Instagramu, nacho hakikubaliki. Herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja, kwa hiyo huwezi kujitofautisha na mtu kwa kuanza na herufi kubwa.

Sasa tuchukue jina halisi tulipime. Namchagua mtu wa kwetu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui, kusini ya mji huu, mwaka 1909, na ambaye kila mmoja wetu amekutana naye kwenye vitabu vya sekondari: Shaaban Robert. Baba yake ni Selemani Ufukwe. Tuseme marehemu yu hai, yuko mwaka wa pili, na anataka akaunti.

La kwanza linalokuja kichwani ni `shaabanrobert`. Kwa macho ni zuri, ni jina lake kamili na halina tarakimu. Litamke kwenye simu uone. Anayesikia ana angalau njia tatu za kuliandika: `shabanrobert`, `shabanirobert`, na hili lenyewe lenye a mbili. Zile a mbili zina sababu yake, ni namna ya kuonyesha ile sauti ya ain katika jina la mwezi wa Kiarabu. Lakini midomo yetu huipita sauti hiyo, na ofisi zetu huandika kila moja kwa namna yake. Si Shaaban peke yake. Majina ya pwani karibu yote yana mlango huu: Hamisi na Khamis, Rashidi na Rashid, Athumani na Othman, Mohamedi na Mohamed na Muhammad. Kiswahili kinapenda neno liishie na irabu, Kiarabu hakijali, na cheti chako kimeandikwa kwa kumfuata mmoja wao. Wenye majina haya tunajua kero yake tangu siku tulipolinganisha cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa.

La pili ni kufupisha: `srobert`. Kosa la a mbili limeondoka, lakini jingine limeingia. Afisa ajira mwenye kumbukumbu ya "yule kijana Shaaban" hana kitu cha kushika humo. Tena herufi moja inayosimama peke yake ndiyo inayopotea haraka kwenye simu yenye mtandao mbovu, maana "esi" na "efu" hukaribiana sana. Utasema aliyeanzisha Linux anaitwa `torvalds` na muasisi wa Python ni `gvanrossum`, mbona hawapati shida? Hao wanatafutwa na dunia, na anayewatafuta atarudia hadi awapate. Wewe unatafutwa na mtu mwenye wasifu mwingine 60 mezani.

La tatu ni kutazama majina mengine aliyonayo. Sisi tuna bahati ya majina matatu kwenye vyeti, letu, la baba na la babu, na mara nyingi moja kati yao ni neno la Kiswahili au la kabila ambalo kila mtu huliandika vile linavyosikika. Kwa mzee wetu neno hilo ni Ufukwe. Hakuna Mswahili atakayekuuliza ufukwe unaandikwaje. Robert nalo limeshazoeleka shuleni. Basi `robertufukwe`: herufi 12, haina herufi mbili zinazofuatana, haina tarakimu.

Lisome tena, ila polepole. Jicho lililozoea Kiswahili linataka silabi iishie na irabu, kwa hiyo linaivuta ile u nyuma na kusoma "robertu fukwe". Na kwa kuwa fukwe ni neno halali, wingi wa ufukwe, msomaji haoni kosa lolote. Anakwenda zake na mtu anayeitwa Fukwe. Mtego huu uko kila mahali jina la kwanza linapoishia na konsonanti na la pili kuanza na irabu. Ndugu yake ni pale majina mawili yanapokutana kwa herufi ile ile: `hashimmussa` ina m mbili katikati, na anayenakili kutoka kwenye karatasi ataandika moja.

Dawa ni kistari: `robert-ufukwe`. Wapo wasiokipenda kistari kwa sababu ni lazima kitajwe kwa mdomo, na msikilizaji atauliza, "Deshi ya juu au ya chini?" Swali hilo lina jibu moja tu kwenye GitHub, kama tulivyoona, kwa hiyo mimi nakikubali pale kinapozuia jina lisisomwe vibaya. Kama majina yako hayagongani, acha kistari.

Anayeshika karatasi iliyoandikwa Shaaban Robert atajuaje kuwa `robert-ufukwe` ndiye huyo? Ndani ya ukurasa wa akaunti kuna sehemu nyingine, `Name`, ambayo haina uhusiano na anwani. Hapo andika jina kama lilivyo kwenye wasifu, herufi kwa herufi. Utafutaji wa GitHub huangalia pia sehemu hiyo, na unaweza kuibadilisha hata kila wiki bila kuvunja kitu.

Kuhusu tarakimu nitasema machache. Ngamiani barabara zetu zina namba na hakuna anayepotea, kwa sababu ya 12 iko jirani na ya 13. Namba ya mwisho wa jina la akaunti haina jirani. Msikilizaji hajui ni 255 ya simu, ni mwaka uliozaliwa, au ni 07 ya mtandao fulani. Ikilazimu, ongeza jina la tatu badala ya namba. Epuka pia kuandika tarakimu badala ya herufi, maana 0 na O, na 1 na l, kwenye karatasi ya stesheneri ni mapacha. Jina la chuo, la kozi au "fresher" ndani ya akaunti huzeeka kabla ya wewe kuhitimu.

Kabla ya kulithibitisha, lipime kwa simu. Wapigie watu watatu, na mmoja wao asiwe mtu wa pwani, awe wa Mwanza au Mbeya, kwa sababu kh na dh zetu kwake ni habari nyingine. Litamke mara moja, usitaje herufi hata moja, umwombe akutumie alichokiandika kwa ujumbe. Kesho yake muombe aliandike tena bila kumkumbusha. La leo linakuambia kama linaandikika, la kesho linakuambia kama linakaa kichwani. Kila kosa walilofanya, lichape baada ya `github.com/` uone linafika wapi. Likileta ukurasa mtupu wenye 404, una nafuu, maana mtu atarudi kukuuliza. Likileta ukurasa wa msanidi mwingine mwenye kazi zake, huyo atasomwa badala yako na hutaambiwa. Kwangu mimi, jambo hilo moja linatosha kuliacha jina.

Kama tayari una akaunti yenye jina bovu, kubadilisha ni dakika mbili: `Settings`, kisha `Account`, kisha `Change username`. Kazi zako hubaki, na linki za maghala ya zamani huelekezwa kwenye jina jipya. Linki ya ukurasa wako wenyewe haielekezwi, inaleta 404. Tovuti ya `jina.github.io` nayo haifuati, mpaka ubadilishe jina la ghala lake. Ghala linaloonyesha maelezo juu ya ukurasa wako, lile lenye jina sawa na la akaunti, nalo lazima lipewe jina jipya.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaliangalii: jina la zamani linaachwa huru. Mtu mwingine anaweza kulichukua, na akitengeneza ghala lenye jina kama lako, tuseme `mashairi`, yale maelekezo yanakufa na linki yako ya zamani inafungua kazi yake. Ndiyo maana usitegemee maelekezo hayo hata kwenye kompyuta yako. Kwenye kila folda ya mradi, angalia kisha rekebisha:

```
git remote -v
git remote set-url origin https://github.com/robert-ufukwe/mashairi.git
```

Amri ya kwanza inaonyesha anwani iliyopo, ya pili inaandika mpya. Irudie ya kwanza uhakikishe. Kisha kaa na orodha ya kila mahali ulipoandika jina la zamani: wasifu, barua za maombi ya fildi, LinkedIn, ripoti iliyoko kwa msimamizi wako. Vya kwenye kompyuta utavirekebisha jioni moja. Karatasi zilizokwisha kufika maofisini hazirudi, kwa hiyo fanya mabadiliko haya kabla barua za fildi hazijaanza kutoka, na maofisi ambayo tayari unajua yana karatasi yako yaandikie barua pepe fupi yenye linki mpya.