Sindano Isiyoonekana Mapokezini

SWALI: Mimi ni muuguzi wa gereza. Mahabusu alijibu kwamba hatumii dawa. Wiki ya tano akaanza kusikia sauti. Fomu ilikosea wapi?

JIBU: Ndugu muuguzi, kagua swali lenyewe. Kwa wengi, dawa ni vidonge. Anayechomwa flufenazini ya muda mrefu, tuseme kila wiki 4, hujibu “hapana” kwa dhati. Sindano humtoka mwilini polepole, kwa hiyo siku ya kupokelewa anaonekana mzima, na ugonjwa hurudi akiwa ameshasahaulika bwenini.

Ongeza swali hili: “Umewahi kuchomwa sindano ya akili? Ya mwisho lini, wapi?” Kisha omba ruhusa yake, upigie kliniki au ndugu anayetunza kadi, upate jina, kipimo na tarehe ijayo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari la sindano. Ikibaki ndani ya faili haitamkumbusha mtu.

Huyu wako apelekwe kwa daktari wa akili leo, naye ndiye aamue kipimo cha kuanzia upya. Muulize pia, bila kuzunguka, kama sauti hizo zinamwamuru ajidhuru. Akikubali, asiachwe peke yake hata njiani kwenda hospitali.